Usiulize wati tu, uliza na wimbi

Ukiingia Kariakoo kutafuta inveta ndogo ya kukusaidia umeme unapokatika, muuzaji atakuuliza kwanza unataka ya wati ngapi. Swali si baya, ila kwangu mimi ni la pili. La kwanza ni hili: utachomeka nini? Inveta mbili za wati 500, zote za betri ya volti 12, zinaweza kupishana bei sana na muuzaji akakuapia kwamba "zote zinatoa 230, kaka". Hadanganyi. Kinachopishana ni namna hizo volti zinavyopanda na kushuka.

Umeme wa nguzoni hupanda taratibu mpaka kilele cha volti 325 hivi, ukashuka, ukageukia upande wa pili, mara 50 kila sekunde. Inveta ya wimbi safi, ile mafundi wanayoiita pyua, inafuata mwendo huohuo. Aina ya pili, ile ya bei nafuu inayoitwa modifaidi, haina subira: inaruka ghafla mpaka juu, inatulia, inaanguka mpaka sifuri, inatulia tena, halafu inarukia upande wa pili.

Chaja ya simu au ya laptopu kwa kawaida haijali. Ndani yake umeme unageuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja na kuhifadhiwa kwenye kapasita, na kinachotazamwa pale ni kilele. Kilele kipo. Labda utasikia chaja ikilia kidogo. Taa za ledi na televisheni nyingi nazo zinakwenda. Kwa hiyo anayesema modifaidi ni takataka nambishia. Kwa nyumba yenye taa, simu na televisheni, sioni sababu ya kuongeza hela.

Balaa liko kwenye vile vitu rahisi vya kuchaji: tochi, taa za dharura, raketi za kuulia mbu. Nilifungua taa ya jirani iliyotoa harufu ya kuungua usiku wa giza. Kapasita nzima, betri nzima, ila rezista ndogo iliyo mbele yake ilikuwa nyeusi kama mkaa. Vifaa hivi havina transfoma. Kapasita ya mikrofaradi 1 hivi ndiyo inayopunguza umeme, na rezista ya omu 100 hivi inapunguza ule mkupuo wa umeme wakati wa kuchomeka. Kwenye umeme wa nguzoni rezista hiyo inapoteza kama nusu wati tu, kwa sababu volti zinapanda polepole. Kwenye modifaidi, kila mruko wa volti 325 unajaza au kumwaga kapasita yote kwa mkupuo, na mkupuo wote unapitia kwenye rezista. Miruko ni 200 kwa sekunde. Ukipiga hesabu unapata karibu wati 10 za joto kwenye kitu kisichozidi punje ya mchele. Ajabu yake ni kwamba betri inachajiwa kwa kasi ileile, kwa hiyo huoni dalili yoyote mpaka moshi utoke.

Feni haifi haraka hivyo. Inalalamika. Utasikia mvumo mzito ambao haupo umeme wa kawaida ukiwepo, na ukishika kitovu cha mota baada ya saa moja utakuta ni cha moto kuliko ulivyozoea. Katika zile 230, sehemu inayozungusha mota kwa kweli ni kama volti 207. Zilizobaki ni mitetemo ya kasi zaidi, mkubwa wao ukiwa mara 150 kwa sekunde, na kazi yake kubwa ni kupasha moto waya na chuma. Kapasita ya feni nayo inapitisha mkondo zaidi kadiri mtetemo unavyokuwa wa kasi, hivyo inachakaa mapema. Kwa dakika chache za dharura, sawa. Kwa anayelala na feni usiku kucha Dar es Salaam, nunua wimbi safi.

Friji sina mjadala nalo: wimbi safi, tena lenye nguvu mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye friji, maana kompresa inapoanza inavuta mkondo mkubwa kwa nukta chache. Ikishindwa kuanza inabaki inanguruma na kuchemka.

Maandishi ya boksi siyaamini sana. Mwambie muuzaji awashe inveta, achomeke feni, usikilize. Kisha chukua multimita ya bei rahisi, ile isiyopima thamani halisi ya mawimbi ya kila umbo, upime kwenye soketi. Kwenye wimbi safi itasoma karibu 230. Kwenye modifaidi nzuri itasoma kama 180, si kwa sababu inveta ni mbovu, bali kwa sababu mita hiyo inakadiria kana kwamba wimbi ni laini. Muuzaji akikwambia pyua na mita ikasoma 180, mrudishie boksi lake.