Huo Mbuyu Wenu Uko Ulaya

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini, na bila shaka na wewe imekufikia. Mbuyu mmoja umesimama peke yake uwandani, anga jeusi, nyota zimechora miduara mikubwa juu ya mti, na chini kuna mwanga hafifu wa rangi ya dhahabu. Juu pameandikwa kwa mbwembwe kwamba huu ndio usiku wa Tanzania, na chini iko bei ya kwenda kulala porini kuutazama. Watu wanamimina mashaallah na mioyo myekundu.

Mimi jicho langu lilienda moja kwa moja kwenye kitovu cha ile miduara. Kiko juu ya matawi, karibu nusu ya anga. Nikajua hapo hapo kwamba huo mbuyu, popote ulipo, Tanzania haupo.

Kabla hamjanirukia: najua ni kazi ya akili mnemba, na hilo halinikeri. Na mimi natengeneza picha kwa prompti karibu kila siku, ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba Sinza. Kinachonikera ni kwamba mtu ameandika nyota, mti, mwanga kidogo, kamera iliyoachwa wazi muda mrefu, akapokea anga la watu wengine, akalibandika jina la kwetu na kuanza kuuza tiketi. Nilimwambia rafiki yangu mmoja wa usanifu, akacheka. "Kaka, nyota ni nyota tu." Haya. Tuanzie hapo.

Nyota huchora michirizi kwenye picha kwa sababu dunia inazunguka huku kamera imetulia juu ya miguu yake mitatu. Anga zima huonekana likizunguka nukta mbili, ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, na kila mchirizi ni kipande cha duara lenye kitovu kwenye moja ya nukta hizo. Sasa sikiliza, maana kesi yote iko hapa: urefu wa nukta hiyo kutoka upeo wa macho ni sawasawa na latitudo ya mahali uliposimama. Mtu wa London yuko digrii 51 na nusu kaskazini, kwa hiyo kitovu chake kiko juu sana, na karibu yake inakaa nyota ya Polaris kama alama. Sisi Dar tuko digrii 6.8 kusini. Kitovu chetu kiko digrii 6.8 tu juu ya upeo, upande wa kusini. Kile cha kaskazini kiko chini ya ardhi, na Polaris yao hatuioni hata tukipanda juu ya ghorofa la Posta.

Digrii 6.8 ni ngapi kwa macho? Nyosha mkono, kunja ngumi, ilaze juu ya mstari unaokutanisha bahari na anga. Upana wa ngumi ni kama digrii 10. Kitovu chetu hakifiki hata kimo cha ngumi hiyo. Nenda Songea kitafika ngumi moja na chembe. Nenda hadi Mtwara, nenda mpaka Mto Ruvuma ukitaka, hakuna kipande cha nchi hii ambapo kinapanda zaidi ya digrii 12. Kile cha kwenye tangazo, kwa kukikadiria kutoka ardhini, kinakaribia digrii 40. Hata Cape Town hawana hicho. Wao wako 34.

Kwa hiyo nyota zikichora juu ya mbuyu wa kwetu, hazitoi shabaha ya kurushia mishale. Ukielekeza kamera kusini, kitovu kinazama karibu na ardhi, na kila duara kubwa linakatwa na upeo wa macho. Kinachobaki juu ni matao, tao ndani ya tao, kama pinde za mvua zilizopangwa moja juu ya nyingine, na mti umesimama chini yake. Ni mazuri kuliko hiyo miduara yao. Na ni yetu. Lakini nani atajua, kama kila picha tunayoletewa ni ya mtu aliyesimama latitudo ya Hispania?

Programu haitajua yenyewe. Imejifunza kwa picha, na picha nyingi za namna hii zimepigwa na watu wa kaskazini wanaoipenda Polaris yao. Ukiiambia michirizi ya nyota inakupa walichokipenda wao. Ukiongeza neno Tanzania inakubadilishia mti tu: inatoa msonobari, inaweka mbuyu, na anga inaliacha vile vile.

Basi tufanye kazi. Tuseme unataka mbuyu mmoja maeneo ya Bagamoyo, kamera inatazama kusini. Latitudo ni 6.4, ndogo zaidi ya ya Dar, kwa hiyo kitovu unakiweka nyuma ya shina lenyewe. Mti wenye kimo cha kawaida kwenye picha utakifunika chote. Mimi naandika hivi, kwa Kiswahili, kwa sababu programu ninayotumia inaelewa na sina haja ya kuomba radhi:

```
Picha ya usiku. Mbuyu mmoja usio na majani, weusi mtupu,
katikati. Kamera inatazama kusini, upeo wa macho uko chini.
Nyota ni vipande vifupi vya matao mapana, tao ndani ya tao,
yakiinuka juu ya mti na kushuka pande zote mbili.
Kitovu cha matao kimefichwa na shina, karibu na ardhi.
```

Angalia nilichokiacha. Sikutaja michirizi ya nyota kwa jina lake lile maarufu, kwa sababu jina hilo ndilo linalovuta picha ya Ulaya. Na sikuandika "hakuna duara". Programu nyingi za picha zina masikio ya mtoto mtundu: ukimwambia asiguse sufuria, amelisikia sufuria tu. Ukitaka kukataza kitu, kipeleke pale pa kukatazia. Kwenye Midjourney ni `--no` mwisho wa prompti. Nyingine zina kisanduku chake cha pembeni. Humo ndimo naweka miduara, na Njia ya Maziwa pia, maana mashine inapenda kuichora imetulia kali huku nyota zingine zote zimevutika. Kamera ile ile, usiku ule ule! Kama nyota zimekimbia, na hilo wingu la nyota lilipaswa kukimbia nazo.

Kuhusu vipande vifupi. Anga linazunguka digrii 15 kwa saa. Ukiacha kamera ikifanya kazi saa nzima, kila nyota, ya karibu na kitovu na ya mbali, inachora pembe ile ile ya digrii 15, sehemu moja ya 24 ya duara. Yaliyo mbali na kitovu huonekana marefu kwa sababu duara lake ni kubwa, basi. Usiku wetu una saa 12, lakini ukitoa mwanga wa magharibi na wa alfajiri unabaki na giza la kweli la saa tisa na nusu hivi. Hata ukikesha na betri zikakutosha, unapata digrii 140 na ushee. Ile picha ya tangazo ina miduara iliyofunga kabisa, yaani saa 24 za giza mfululizo. Labda tiketi ni ya Antaktika.

Na usijisumbue kuandika "dakika 60" au namba za lenzi ukidhani mashine itapiga hesabu. Kwa niliyoyaona, inazichukua kama pambo. Eleza umbo unalotaka lionekane.

Mwanga wa chini nao una maneno. Watu wanaandika mwanga hafifu halafu wanaishia hapo, mashine inaweka kitu kama tanuri lililozikwa nyuma ya mti, au inalipaka shina dhahabu pande zote bila taa yoyote kuonekana. Mwanga una mahali unapotoka. Ukisimama Bagamoyo unatazama kusini, Dar iko kusini-mashariki, kama kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo wingu la mwanga wa jiji liko mkono wa kushoto, pana, limelala juu ya upeo, linafifia kadiri unavyoelekea kulia. Mbuyu uko mbele yake, kwa hiyo unabaki mweusi. Ndivyo ninavyoandika: mwanga mzito chini kushoto, unafifia kulia, shina halijaangazwa. Ukitaka shina lionekane, sema kuna mtu amewasha tochi kutokea kulia, na kivuli kitaangukia kushoto. Kimoja kati ya viwili. Ukiviomba vyote kwa pamoja, unapata jua la saa kumi na mbili jioni lenye nyota, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kadi ya harusi haihitaji latitudo. Jalada la kaswida pia. Weka miduara yako, weka miezi miwili, Mungu akubariki. Lakini ukiandika jina la mahali na bei, umeahidi. Mgeni atalipa, atasafiri, atainua macho, na miduara hataiona.

Kilichobaki kunishinda ni mashariki. Huko ndiko anga la kwetu linapojipambanua hasa: nyota zinapanda karibu wima kutoka baharini, mistari ya katikati imenyooka, ya kushoto inapindia kushoto, ya kulia inapindia kulia. Kilimia kinachomoza kushoto kidogo ya mashariki, na mchirizi wake unaanza kuinama kuelekea kaskazini. Mtu wa London mashariki yake inalala kwa mshazari, hana hiki. Nimeandika wima, nimeandika mistari inayotoka baharini, nimeandika inayofunguka kwenda juu. Mashine inanipa mvua. Nikiikataza mvua inanipa vimondo vinavyoanguka, na safari moja ilinipa fataki, na mbuyu pembeni umetulia kama haujui kinachoendelea. Mwenye prompti inayotoa nyota za mashariki ya Dar bila kulowesha mtu, naiomba.