Hitima ya mwaka: mwezi mwandamo, tangazo la msikitini na pilau ya nani

Mzee aliyefariki Shaaban 12, 1445, ambayo ilikuwa Februari 22, 2024, asomewe hitima ya mwaka lini? Kwa mwezi mwandamo, Shaaban 12 ya mwaka uliofuata iliangukia Jumanne au Jumatano, Februari 11 au 12, 2025. Kwa kalenda ya ukutani, Februari 22 ilikuwa Jumamosi, na watu wa mjini hupenda Jumamosi kwa sababu watoto walioko mbali wanaweza kufika. Sina ugomvi na hilo kwa mwaka wa kwanza. Ila mwaka wa pili Februari 22 ikaingia ndani ya Ramadhani, na pilau ya mchana ikabidi iwe futari. Anayefuata mwandamo hapati mtihani huo, maana Shaaban hubaki Shaaban.

Kualika huku pwani kulikuwa rahisi: tangazo baada ya sala, na mlango wazi. Juzuu 30 hugawiwa wasomaji, kila mmoja yake, na kwa muda usiofika saa moja msahafu umekhitimiwa, dua ikaombwa, masinia yakatoka. Siku hizi mwaliko hupita kwenye simu, kwa majina. Mwenye shughuli anajua apike kiasi gani, jambo jema. Kilo ya mchele hulisha kama watu wanane, kwa hiyo wageni 80 ni kilo 10. Lakini orodha ya simu humsahau jirani asiye na simu, na huyo ndiye mwenye haki zaidi ya sinia.

Wanaopinga hitima huiita bidaa, yaani uzushi katika dini. Hoja yao yenye nguvu ni ile hadithi ya Jaafar, aliyeuawa katika vita vya Muta: Mtume aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, maana wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tunawapikisha wafiwa. Hata ndani ya madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, wapo wanazuoni waliochukia wafiwa kuwapikia watu. Watetezi hujibu kwamba baada ya mwaka msiba umepoa, na kulisha ni sadaka kwa niaba ya maiti. Hapo mimi nawaelewa, ingawa nauliza jambo moja kabla ya kuonja: nyama imenunuliwa kwa fedha ya nani?

Chukua marehemu aliyeacha mjane na watoto watatu, wawili wakubwa na mmoja wa miaka tisa, na mirathi haijagawiwa. Ami akichota humo fedha za mbuzi na mchele, amegusa fungu la yatima, ambaye hawezi kuridhia. Wakubwa watatu, mjane na hao wawili, wachange kutoka mifukoni mwao. Wakishindwa, juzuu zisomwe, itolewe kahawa na tende.