Baba mdogo si mwongo

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye arobaini ya bibi. Baada ya chakula watoto wa kaka yangu wakamzunguka baba mdogo chini ya mwembe, wakamwuliza jana alikuwa wapi. Akawajibu bila kusita kwamba alikuwa Morogoro, alipeleka vitunguu, gari likapasuka tairi pale Mikese. Baba mdogo hajatoka kijijini miaka sita sasa. Watoto wakacheka, na shemeji mmoja akadakia, "Gongo limemfanya mwongo." Niliinuka nikaondoka, maana ningebaki ningetoa maneno mazito mbele ya wageni. Nayatoa hapa.

Mwongo anaujua ukweli akauficha. Baba mdogo haujui. Sehemu za ndani ya ubongo zinazoshika mambo mapya zimeharibika, na penye pengo ubongo wake unajaza vipande vya zamani. Vitunguu vya Morogoro ni kweli alivipeleka, ila ni miaka ya tisini. Daktari wa Urusi, Sergei Korsakoff, aliieleza hali hii tangu 1887, nayo inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Na kilichomharibu hivyo si ukali wa gongo peke yake. Ni kukosa thiamini, vitamini B1, ambayo mtu mzima anahitaji miligramu moja na kitu tu kwa siku. Hili ndilo linaloniuma.

Ugali ukishasagwa tumboni unakuwa glukosi, na glukosi ikiingia kwenye seli inakatwa vipande viwili vinavyoitwa piruveti. Kazi hiyo haihitaji thiamini, lakini nguvu inayopatikana hapo ni kidogo sana. Nguvu yenyewe iko mbele, pale piruveti inapoingia kuchomwa kwa oksijeni. Ili iingie, kimeng'enya kimoja lazima kiinyofoe kaboni moja itoke kama hewa tunayoitoa puani, na kimeng'enya hicho kinashika piruveti kwa kutumia thiamini iliyoungwa na fosfeti mbili. Thiamini isipokuwepo, mlango umefungwa. Ndani, kwenye mzunguko wenyewe wa uchomaji, kuna mlango wa pili unaotaka thiamini hiyohiyo. Basi piruveti inarundikana nje na kugeuka asidi ya laktiki, na seli inakufa njaa huku sukari imeijaa. Misuli inaweza kujisaidia kwa mafuta. Ubongo unategemea sukari karibu kwa kila kitu, ndiyo maana unaumia mapema.

Akiba yetu ya thiamini ni kama miligramu 30, na bila kuongezwa inaisha kwa wiki mbili au tatu. Mnywaji anaimaliza kwa njia kadhaa kwa pamoja. Gongo linampa joto na shibe ya uongo lakini halina hata chembe ya vitamini hiyo, kwa hiyo hali chakula. Pombe inazuia utumbo kupitisha hata ile kidogo aliyokula. Ini lililochoka haliiweki vizuri. Na magnesiamu, ambayo mwili unaihitaji ili thiamini ifanye kazi, nayo hupotea kwenye mkojo wa mnywaji.

Sasa nisimulie siku yenyewe. Baba mdogo alikuwa na miaka 52. Alitapika siku nne mfululizo, hakula, na wala hakunywa kwa sababu kila kitu kilirudi. Tukampeleka hospitali. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Alikuwa anatembea ametanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, macho yanachezacheza akitazama pembeni, na hakujua ni siku gani. Tukaambiwa pombe bado haijamtoka. Siku nne! Pombe ya mtu huisha mwilini ndani ya siku moja au kidogo zaidi. Anayeyumba siku ya nne hajalewa. Akatundikiwa dripu ya glukosi, chupa mbili za asilimia tano, kila moja ya nusu lita. Hiyo ni gramu 50 za sukari kwenye mwili ambao hauna cha kuichomea. Chembe za mwisho za thiamini zikatumika kuihudumia. Chupa ya pili niliishika mimi mwenyewe kwa sababu stendi zilikuwa zimekwisha. Usiku hakuitika tena alipoitwa.

Asubuhi daktari kijana aliuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza jana yake: mara ya mwisho alikula lini? Akaagiza thiamini ya mshipani, miligramu 500 mara tatu kwa siku, ikipita taratibu ndani ya dripu kwa nusu saa. Kesho yake macho yalikuwa yametulia. Kutembea kulichukua wiki kadhaa. Kumbukumbu haikurudi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba siwezi kuapa kuwa ni zile chupa zilizompeleka huko. Huenda alikuwa anaelekea huko tayari. Nakubali pia kwamba mgonjwa ambaye sukari imeshuka lazima apewe sukari papo hapo, kwa sababu sukari ya chini nayo inaua ubongo, tena haraka. Lakini thiamini ipewe hapohapo pamoja nayo, na kwa mnywaji asiyekula ambaye sukari yake haijashuka, itangulie. Na isiwe kidonge. Kidonge cha miligramu 100 kikimezwa na mtu mzima mwenye afya, utumbo hupitisha miligramu chache tu. Kwa mlevi anayetapika ni chini ya hapo.

Wanaosubiri dalili zote tatu, yaani macho, kuyumba na kuchanganyikiwa, watasubiri mpaka wachelewe, kwa kuwa wagonjwa wengi hawana zote kwa pamoja. Kwangu mnywaji ambaye hajala na ana mojawapo anatosha kupewa. Akitetemeka na kuona wadudu ukutani, huo ni mwili unaodai pombe iliyokatizwa, unatibiwa kivyake, lakini hauondoi uwezekano kwamba B1 nayo imekwisha.

Upungufu huohuo ukishika mishipa ya fahamu ya miguu unaitwa beriberi kavu: ganzi, nyayo kuwaka moto, kushindwa kuinuka ukichuchumaa. Ukishika moyo ni beriberi ya maji: miguu inavimba, pumzi inakata, na moyo unaweza kusimama. Daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliuona ukiwapooza kuku kule Java, mwishoni mwa karne ya 19, walipolishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe. Waliporudishiwa usiokobolewa walipona. Thiamini iko kwenye kiini na pumba. Kwa hiyo sembe nyeupe tunayojivunia imepoteza nyingi ya ile iliyo kwenye dona, na magadi tunayotia kwenye maharage yalainike yanaiharibu. Anayekula mboga, samaki na karanga hataumwa kwa hilo. Baba mdogo alikuwa anakula ugali wa sembe kwa mchuzi mwembamba, mara moja kwa siku, siku akikumbuka.

Alikunywa mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, najua. Mama ameniambia hivyo mara nyingi. Ila ile chupa ya pili niliishika mimi.

Jioni ya arobaini nilirudi nikakaa naye. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Baada ya dakika kumi akaniuliza tena. Kisha akanisimulia habari za tairi la Mikese, na mimi nikamwuliza vitunguu vilifika salama.

"Vilifika," akasema. "Gunia moja tu ndilo lililoloa."