Pete Iliyokosekana: Namna ya Kusoma Picha ya Gogo Lililokatwa

Picha za magogo yaliyokatwa, zilizopachikwa vibendera vya kuonyesha pete ya mwaka wa vita fulani au wa kuzaliwa kwa mtu mashuhuri fulani, husambaa sana mitandaoni, nami huzitazama kwa shaka. Pete zenyewe, yaani duara ambazo kwa kawaida mti huongeza moja kila mwaka, hazidanganyi. Tatizo ni kwamba aliyepachika vibendera mara nyingi amehesabu tu, ilhali kuhesabu ni nusu ya kazi.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni msonobari wa ponderosa wa milima ya Arizona na New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, kwa sababu ndiko elimu ya kusoma pete za miti ilikokomaa. Mwanaastronomia A. E. Douglass aliianza huko mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1937 akaanzisha maabara ya pete za miti katika Chuo Kikuu cha Arizona, jijini Tucson, ambayo ingali inafanya kazi hadi leo.

Pete moja ya msonobari huo ina sehemu mbili. Mti unapoanza kukua baada ya baridi, hutengeneza seli kubwa zenye kuta nyembamba, na sehemu hiyo huonekana nyeupe au ya manjano hafifu. Msimu unapoelekea ukingoni, seli huwa ndogo na kuta zake huwa nene, ndipo unapoonekana ukanda mweusi. Mpaka wa mwaka ni pale ambapo weusi unakatika ghafla na weupe kuanza upya. Neno "ghafla" hapa ndilo la kuzingatia. Katika milima hiyo miezi ya Mei na Juni huwa mikavu, mvua za majira ya joto hufika Julai, na mti uliokuwa umeanza kusinzia huamka tena ukaendelea kukua. Matokeo yake ni mstari mweusi katikati ya pete, ambao mtazamaji wa haraka huuhesabu kuwa mwaka kamili. Ukiukuza kwenye picha, utaona kwamba weusi wake hufifia taratibu kuelekea ndani na kuelekea nje pia, bila ukingo mkali. Hiyo ni pete ya uongo.

Kosa la upande wa pili ni gumu zaidi kuligundua. Mwaka wa ukame mkali mti unaweza kuishiwa nguvu kiasi kwamba hautengenezi pete yoyote katika baadhi ya sehemu za shina, na hapo hakuna jicho litakaloona kisichokuwapo. Tuseme tuna picha ya kipande kilichokatwa mwishoni mwa mwaka 2003, gome lake likiwa bado limeshika. Pete iliyogusana na gome ni ya 2003, hilo halina ubishi. Tunahesabu kuelekea ndani, na tunakuta pete nyembamba kama uzi ambayo hesabu yetu inaiita 1905. Lakini kumbukumbu za eneo lile, zilizojengwa kwa kulinganisha miti mingi sana, zinaonyesha kwamba mwaka ambao misonobari ilibanwa vikali ni 1904. Tofauti ni ya mwaka mmoja, na inaelekea mahali pamoja: kati ya gome na pete ile kuna mwaka ambao mti huu haukuuandika. Wa kushukiwa kwanza ni 2002, kwani ukame wa mwaka huo uliwafanya misonobari wengi wa huko wakose pete au wawe na pete ya kuonekana kwa hadubini tu. Tunahakikisha kwa kutazama miaka ya 1950, ambayo nayo ilikuwa ya ukame mrefu: ikiwa mfuatano wa pete nyembamba za muongo huo pia umesogea kwa mwaka mmoja, basi pengo liko nje zaidi ya hapo, upande wa gome, na 2002 inazidi kuwa jibu. Kulinganisha huku kwa mfuatano wa pana na nyembamba, mti kwa mti, ndiyo ile nusu ya pili ya kazi.

Kwa nini mwaka mmoja usumbue watu kiasi hicho? Jibu liko kwenye makovu ya moto. Moto unaotambaa chini kwenye majani makavu hauuui msonobari mkubwa, maana gome lake ni nene, lakini upande wa juu wa mteremko, ambako majani yake yenye umbo la sindano na vijiti hujikusanya kwenye shina, joto hukaa muda mrefu na kuua tabaka hai lililo chini ya gome. Sehemu iliyokufa haikui tena. Pete za miaka inayofuata huanzia kwenye kingo za jeraha na kujikunja juu yake, kama ngozi inayofunika kidonda. Mahali hapo huvuja utomvu mwingi na gome lake huwa jembamba, hivyo moto unaofuata huliunguza tena kwa urahisi, na ndiyo maana kipande kimoja kinaweza kuonyesha makovu kumi au zaidi, moja nyuma ya jingine, yote upande mmoja. Unaposoma picha, tafuta pete ambayo kovu limeingia ndani yake, wala si ile ya kwanza iliyojikunja. Kovu likiwa ndani ya sehemu nyeupe, moto ulipita mti ukiwa katika ukuaji. Likiwa kwenye mpaka kati ya pete mbili, mti ulikuwa umelala.

Sasa turudi kwenye kipande chetu. Hesabu ya kwanza ilisema kuna kovu mwaka 1749. Tukirekebisha lile pengo, linakuwa 1748, na hapo maana inabadilika kabisa, kwa sababu 1748 ni miongoni mwa miaka ya moto mkubwa kupita yote katika historia ya misitu ya eneo hilo. Pete ya 1747 ni pana, ya 1748 ni nyembamba: mvua ilistawisha nyasi, kisha ukame ukazikausha, na msitu ukapata kuni za kutosha.

Vilevile, ukifika mwishoni mwa karne ya 19, makovu hukoma. Si kwamba radi ziliacha kupiga. Reli zilifika, makundi makubwa ya kondoo na ng'ombe yakala nyasi zilizokuwa zikibeba moto, na baadaye serikali ikaanza kuuzima kila moto ulioonekana. Hata hivyo sikubali kwamba kutokuwapo kwa kovu pekee ni ushahidi wa kutokuwapo kwa moto. Moto unaweza kupita bila kujeruhi, na ndiyo sababu miti kadhaa huhitajika. Hali kadhalika pete nyembamba moja huweza kuletwa na wadudu walao majani, au na mti jirani ulioziba jua.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaotaka kujaribu haya kwenye gogo la nyumbani, uchaguzi wa mti ni muhimu. Mninga wa miombo, unaoishi penye msimu mmoja wa mvua na msimu mrefu wa kiangazi, hutengeneza pete za mwaka zinazosomeka, na watafiti wameutumia Zimbabwe kufuatilia mvua za zamani. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, wenye vuli na masika, unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka mmoja, au moja, kutegemea mvua zilivyonyesha. Nikiletewa picha yake, nitaeleza kipi kilitangulia kipi, lakini mwaka sitauandika.