Usitazame salio, tazama mstari wa mshahara

Wafanyakazi wengi wana njia moja ya kulinganisha slipu ya mshahara na benki. Ujumbe wa benki ukiingia wanatazama salio, na likikaribia lile walilozoea, basi, mwezi umepita. Kwangu huko si kulinganisha. Salio limeshachanganya mshahara, pesa iliyokuwemo tangu mwezi uliopita, ada za benki na kila kilichotolewa tangu asubuhi. Kinachopaswa kuwekwa kando ya slipu ni mstari mmoja tu wa taarifa ya benki: ule wa mshahara, kwenye safu ya pesa zilizoingia.

Tuchukue mfano. Slipu inaonyesha mshahara ghafi 1,200,000. Makato ni kodi 168,000, pensheni 120,000, bima ya afya 36,000 na marejesho ya mkopo 95,000. Jumlisha mwenyewe, usiamini jumla iliyochapishwa: ni 419,000, kwa hiyo mkononi zinabaki 781,000. Mwenye slipu hii anafungua akaunti na kukuta pesa zimepungua kwa 95,000. Kiasi hicho ni sawasawa na marejesho ya mkopo, kwa hiyo dalili ya kwanza ni kwamba mkopo umekatwa mara mbili. Lakini nani kakata? Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kwa mhasibu na kugombana na mtu asiye na kosa.

Mstari wa mshahara ukisomeka 686,000, pesa zilitoka kwa mwajiri zikiwa tayari pungufu. Hilo hutokea pale orodha ya malipo iliyopelekwa benki inapokuwa tofauti na ile iliyotoa slipu, kwa mfano mtu alipoingiza marekebisho baada ya slipu kuchapishwa, na kato lilelile likaingia tena. Benki huna la kuidai, kwa sababu imeweka kiasi ilichoagizwa kuweka. Dai ni la mwajiri, na ushahidi ni slipu na mstari ule.

Mstari ukisomeka 781,000, na chini yake kuna 95,000 zilizotoka siku hiyohiyo au kesho yake, mwajiri hana kosa. Mara nyingi hapo kuna agizo la kudumu ambalo mkopaji alisaini zamani, alipokuwa analipa mkopo kupitia benki. Baadaye mwajiri akaanza kukata kwenye mshahara, na hakuna aliyefuta agizo la zamani. Mhasibu hawezi kulifuta. Mwenye akaunti ndiye anayepaswa kwenda benki kulisimamisha. Salio la mwisho linaweza kuwa lilelile katika hali zote mbili, na ndiyo maana nakataa kabisa kutumia salio.

Halafu omba taarifa ya mkopo kwa aliyekukopesha. Akiwa amepokea 95,000 mara mbili, mdai akurudishie moja au aipunguze kwenye deni, na wewe ndiye uchague, kwa maandishi. Akiwa amepokea mara moja tu na mstari wako wa mshahara ni 686,000, hizo nyingine huenda bado ziko kwa mwajiri.

Tofauti isiyofanana na kato lolote ina habari nyingine. Ikiwa zimeingia 718,000 badala ya 781,000, tofauti ni 63,000, na 63,000 inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tarakimu mbili zinazokaa pamoja zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika kwa 9, kwa hiyo huenda aliyeandika alikosea mpangilio. Ila anza na makato kwanza: ile bima ya 36,000 nayo inagawanyika kwa 9, na mtu mwenye haraka angeweza kuliita kato lililorudiwa kosa la uandishi. Hakikisha pia kwamba mshahara haukuingia kwa mafungu mawili au kwenye akaunti mbili.

Kinachonikera zaidi ni kile ambacho taarifa ya benki haiwezi kukionyesha. Slipu inasema pensheni 120,000 imekatwa, benki inaonyesha 781,000 kamili, hesabu zinakubaliana hadi senti ya mwisho, na bado pesa ya pensheni inaweza kuwa haijafika kwenye mfuko. Ulinganifu wa slipu na benki unathibitisha kwamba pesa hiyo haikufika kwako; hausemi ilikwenda wapi. Inayojibu ni taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wenyewe. Iweke kando ya slipu, mwezi kwa mwezi, huku ukikumbuka kwamba mchango wa mwezi mmoja unaweza kuandikwa mwezi unaofuata. Ukipita huo nao bado pako wazi, peleka slipu ya mwezi uliokosekana kwa mfuko na kwa mwajiri, kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.