Boriti ndefu juu ya msingi nyumbufu: momenti inaaminika kuliko mdidimio

*“Boriti ndefu imelala juu ya udongo na mzigo mmoja unaikandamiza katikati. Je, fomula za Winkler zinatosha kunipa mdidimio mkubwa kabisa na momenti kubwa kabisa, ilhali thamani ya k niliyo nayo ni ya kukadiria tu?”*

Kwa momenti, mara nyingi zinatosha. Kwa mdidimio hazitoshi, mpaka k iwe imepimwa mahali penyewe. Majibu haya mawili yanatoka katika mlinganyo mmoja, na ndiyo maana watu wanaoutetea na wanaoupinga hubishana bila kusikilizana: mmoja anazungumzia momenti, mwingine anazungumzia mdidimio.

Dhana aliyoileta Emil Winkler mwaka 1867 ni nyepesi. Msingi unachukuliwa kuwa safu ya springi zilizosimama kila moja peke yake, hivyo kwamba kila mita ya boriti inasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na mdidimio wa mahali hapo. Kigezo k ni nguvu hiyo kwa kila mita ya urefu, kwa kila mita ya mdidimio. Ikiwa E ni moduli ya unyumbufu ya boriti na I ni momenti ya pili ya eneo la mkato wake, basi tabia yote ya boriti inatawaliwa na kigezo kimoja cha urefu, β, na kwa boriti isiyo na mwisho pande zote mbili, yenye mzigo P, mdidimio y na momenti M kwa umbali x kutoka kwenye mzigo ni hivi:

```
β = (k / 4EI)^(1/4)
y(x) = (Pβ / 2k) · e^(-βx) · (cos βx + sin βx)
M(x) = (P / 4β) · e^(-βx) · (cos βx - sin βx)
y_max = Pβ / 2k        M_max = P / 4β
```

Thamani zote mbili kubwa kabisa ziko chini ya mzigo wenyewe, yaani pale x = 0. Anayetaka kuhakikisha kwamba hakukosea njiani ajumlishe nguvu za msingi, yaani k mara y, kuanzia kwenye mzigo hadi mbali kabisa upande mmoja; lazima apate P/2 kamili. Aangalie pia vipimo: β lazima itoke kwa “moja kwa mita”. Kosa la kawaida ni kuchukua thamani ya udongo iliyotolewa kwa kilo-nyutoni kwa mita za ujazo na kuiingiza bila kuizidisha kwanza kwa upana wa boriti. Hapo vipimo vya β vinakataa, na ndiyo dalili ya haraka kuliko zote.

Tuchukue reli ya kilo 60 kwa mita, ambayo I yake ni takriban sentimita 3038 za nguvu ya nne, na E ya chuma ni gigapaskali 210. Gurudumu linaikandamiza kwa kilo-nyutoni 100, na tufanye kwamba mataruma, kokoto na udongo kwa pamoja vinatoa k ya megapaskali 30. EI inakuwa meganyutoni mita za mraba 6.38, na β inakuwa 1.041 kwa mita. Mdidimio mkubwa kabisa ni milimita 1.74, na momenti kubwa kabisa ni kilo-nyutoni mita 24.0. Ukigawanya momenti hiyo kwa moduli ya mkato upande wa chini wa reli, ambayo ni kama sentimita za ujazo 375, unapata mkazo wa megapaskali 64 hivi.

Sasa tuseme tumekosea, na k halisi ni nusu tu ya tuliyoiandika, yaani megapaskali 15. Mdidimio unapanda hadi milimita 2.92, ongezeko la asilimia 68. Momenti inapanda hadi kilo-nyutoni mita 28.5, ongezeko la asilimia 19 peke yake. Sababu iko wazi ndani ya fomula: mdidimio unafuata k kwa kipeo cha hasi robo tatu, na momenti kwa kipeo cha hasi robo moja. Lakini inafaa kuiona pia kwa macho ya mwili wa boriti. Msingi unapolegea, boriti haibaki na umbo lilelile ikazama zaidi; inauchukua mzigo na kuusambaza kwa urefu mkubwa zaidi, kwa hiyo bonde linakuwa refu na mkunjo wake unaongezeka kidogo tu. Momenti inategemea mkunjo, si kina cha bonde. Kwa mhandisi anayekagua kama chuma kitachoka, k ya kukadiria ni ya kuvumilika. Kwa anayekagua kama njia itabaki sawasawa chini ya magurudumu, k hiyo hiyo haimfai.

Wanaoipinga dhana hii wana hoja nzito. Udongo si springi zilizotengana. Ukikandamiza sehemu moja, jirani yake nayo inashuka, kwa sababu chembe zinashikana na kuburutana. Zaidi ya hapo, k si tabia ya udongo kama vile uzito wake ulivyo tabia yake: bamba dogo la majaribio na boriti pana juu ya udongo uleule hutoa thamani tofauti. Mwaka 1937 Biot alichambua boriti isiyo na mwisho iliyolala juu ya kitu nyumbufu kilicho kizima, kisha akatafuta k ipi ya Winkler ingetoa momenti kubwa kabisa ileile. Jibu lake lilikuwa na ugumu wa boriti na upana wake ndani yake, pamoja na tabia za udongo. Kwa hiyo hoja ya wapinzani imethibitishwa: k ni ya ndoa ya boriti na udongo, si ya udongo peke yake.

Hata hivyo, mimi nauona uchambuzi huohuo kuwa utetezi mkubwa kuliko lawama. Ugumu wa boriti unaingia katika k ya Biot kwa kipeo kidogo sana, kama moja ya kumi hivi, na Vesić mwaka 1961 alifika kwenye kipeo cha moja ya kumi na mbili. Kosa la kusahau utegemezi huo ni dogo, na linapopita kwenye mzizi wa nne ili kufika kwenye momenti linazidi kusinyaa. Ninachokataa ni tabia ya kuchukua k kutoka kwenye jedwali la aina za udongo, kuiingiza kwenye fomula, kisha kuandika mdidimio kwa desimali mbili.

Kuna lawama nyingine ambayo inarudiwa sana bila kupimwa: kwamba springi za Winkler zinavuta, na udongo hauvuti. Ni kweli kwamba mdidimio unafika sifuri pale βx inapokuwa robo tatu ya pai, yaani mita 2.26 kutoka kwenye gurudumu letu, na baada ya hapo reli inainuka. Lakini inainuka kiasi gani? Kilele chake kiko mita 3.02, ni asilimia 4.3 ya mdidimio mkubwa kabisa, yaani milimita 0.075. Mvuto ambao springi zingehitaji kutoa hapo ni kilo-nyutoni 2.25 kwa mita. Reli tupu ina uzito wa kilo-nyutoni 0.59 kwa mita, hivyo ingenyanyuka. Reli iliyofungwa vizuri kwenye mataruma ya zege ya kilo 300 kila sentimita 60 inabeba nusu ya uzito wa kila taruma, na jumla inafika karibu kilo-nyutoni 3.0 kwa mita. Uzito unaushinda mvuto, msingi unabaki umekandamizwa, na fomula inabaki halali. Vifungo vikilegea, lawama inakuwa ya kweli. Kwa hiyo jibu lake hupatikana kwa kukagua vifungo.

Pale ambapo fomula inaanguka kweli ni kwenye ncha. “Ndefu” maana yake ni kwamba kila upande wa mzigo una urefu usiopungua takriban pai kugawanya kwa β, kwa reli yetu mita tatu. Mzigo ukisimama kwenye ncha iliyo huru, mdidimio unakuwa 2Pβ/k, mara nne ya ule wa katikati: milimita 6.9 badala ya 1.74. Momenti kubwa kabisa nayo inahamia mita 0.75 kutoka kwenye ncha, inageuka upande na kuvuta sehemu ya juu ya reli, na inafika kilo-nyutoni mita 31. Kiungo cha reli kilichoungwa kwa vibao na boliti kiko kati ya hali hizi mbili, na kadiri boliti zinavyolegea ndivyo kinavyoelekea kwenye hali mbaya. Kutumia fomula za boriti isiyo na mwisho mahali kama hapo ni kosa kubwa kuliko makosa yote ya k niliyoyataja.

Kudhani mzigo ni nukta hakuhitaji maneno mengi kwa gurudumu, kwa kuwa mguso wake ni wa sentimita moja hivi. Kwa nguzo yenye upana w juu ya boriti ya msingi, kilele cha momenti kinapungua kwa karibu Pw/8, na ni busara kukipunguza.

Turudi kwenye k, kwa sababu hapo ndipo mdidimio unapopata au kupoteza maana yake. Njia iliyo wazi ni kuweka mzigo unaojulikana, kupima mdidimio, na kugeuza fomula:

```
k = (1/4) · (P / y)^(4/3) / (EI)^(1/3)
```

Tuseme umepima milimita 2.8 chini ya kilo-nyutoni 100. Fomula inakupa k ya karibu megapaskali 16, na ungehitimisha kwamba msingi umelegea. Kisha unarudia kwa mzigo mwepesi wa kilo-nyutoni 20 na kupata milimita 1.4. Kama msingi ungekuwa springi za kweli, mzigo wa moja ya tano ungetoa milimita 0.56. Kuna pengo chini ya mataruma: sehemu kubwa ya mdidimio ilikuwa ya kulifunga tu. Ukitumia tofauti za vipimo viwili, kilo-nyutoni 80 kwa milimita 1.4, k inakuwa megapaskali 29.7. Msingi wenyewe ni mzima. Tatizo ni kokoto zilizokosa kushindiliwa chini ya mataruma machache, na pengo hilo linaongeza momenti ya reli kwa namna ambayo fomula haiioni, kwa hiyo mahali hapo hata ile kilo-nyutoni mita 24 isiandikwe mpaka pengo lizibwe na vipimo virudiwe.