Korosho ya shilingi 3, na mlango uliogoma kufunguka

Jioni moja ya msimu, dashibodi tunayoitunza hapa Mtwara ilionyesha kwamba kilo ya korosho ghafi imeuzwa mnadani kwa shilingi 3. Bei halisi ilikuwa 3,450. Faili tunalovuta kila siku ya mnada ni la CSV, ambamo koma ndiyo inayotenganisha safuwima, na aliyeliandaa siku hiyo aliiandika bei kwa koma ya maelfu bila kuizungushia alama za kunukuu. Programu ikasoma 3 kama bei na kuisukuma 450 kwenye safuwima ya tani. Hakuna kilicholalamika. Faili lilifunguka vizuri tu, likafuta la zamani, likaenda hewani.

Watu walicheka, na kusema kweli shilingi 3 haimdanganyi mtu. Kosa linaloniogopesha ni jingine. Wakulima wakikataa bei, mnada huahirishwa, na mwandaaji wa faili huenda akajaza 0. Mnada mmoja ukiwa 3,400 na mwingine 0, wastani unatoka 1,700. Nambari hiyo inaaminika. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa bei ya chini nje ya mnada, anaweza kumwonyesha mkulima wa Nanyamba kwenye simu, naye akauza.

Kwa hiyo tukaweka mlango kati ya faili lililovutwa na lile linalosomwa na dashibodi:

```
curl -fsS -o bei.mpya "$KIUNGO" &&
python3 kagua.py bei.mpya bei.csv &&
mv bei.mpya bei.csv
```

Alama `&&` inaruhusu hatua ya pili iwapo tu ya kwanza imefaulu. `-f` inaifanya `curl` ishindwe seva ikijibu kwa namba ya kosa, badala ya kuhifadhi ukurasa wa kosa kana kwamba ni bei. Lakini seva ikileta tangazo la "tupo matengenezoni" na bado ikasema mambo ni sawa, `curl` haitajua. Hiyo ni kazi ya `kagua.py`, ambayo huangalia vichwa vya safuwima, idadi ya vipande katika kila mstari, na tarehe ya mnada. Mstari wa mnada ulioahirishwa unabaki bila bei na hauingii kwenye wastani. Mwisho, `mv` hubadilisha jina tu, hivyo msomaji anakuta faili la zamani au jipya, kamwe si nusu nusu. Hilo ni kweli mafaili yote mawili yakiwa kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Ukivutia kwenye `/tmp`, mara nyingi `mv` hugeuka kuwa kunakili, na nusu nusu inarudi.

Mwenzangu alipinga tangu mwanzo. Hoja yake: nambari ya jana iliyoachwa hewani nayo ni uongo, tena wa kimyakimya. Nilimpuuza mpaka yalipotukuta.

Nilikuwa nimeongeza sharti kwamba bei ikipishana na iliyopita kwa zaidi ya asilimia 15, faili likataliwe. Bei iliyokuwa hewani ilikuwa 3,400, kwa hiyo chochote chini ya 2,890 hakikupita. Mvua zikaanza, korosho zikafika ghalani na unyevu, bei ikaanguka kweli mpaka 2,800. Mlango ukagoma. Mnada uliofuata ilikuwa 2,780, ikalinganishwa tena na 3,400 ileile, ikakataliwa tena. Sharti lilikuwa limejifungia ndani: kadiri lilivyokataa, ndivyo bei ya kulinganishia ilivyozidi kuchakaa. Minada mitatu mfululizo tuliwaonyesha wakulima bei ambayo hakuna mnunuzi aliyekuwa akiitoa.

Hapo nikakubali kwamba nilichanganya vitu viwili. Faili lililovunjika, lenye safuwima zilizohama au tarehe ya wiki iliyopita, mashine inaweza kulikataa peke yake, kwa sababu hakuna siku ambayo faili la namna hiyo litakuwa sahihi. Bei ya kushangaza ni jambo tofauti. Soko lina haki ya kushangaza, na kanuni ya asilimia haijui mvua. Siku hizi bei ya namna hiyo inasubiri huku ujumbe ukienda kwa watu wawili, na yeyote kati yao akithibitisha na chama kikuu cha ushirika husika, inapita.

Mwenzangu anataka isipojibiwa ndani ya saa mbili ipite yenyewe. Sijakubali, maana kosa la 1,700 lingepita hivyohivyo usiku ambao wote wawili wamelala. Alichonishinda ni tarehe: sasa "mnada wa tarehe fulani" imeandikwa kwa herufi kubwa sawa na bei yenyewe, na ikipitwa na mnada mmoja, bei inageuka kijivu na neno "haijathibitishwa" linatokea chini yake.